Kibetri cha Saa Kinachoweza Kuifungia PS4

Tuchukue mfano wa mwenye kibanda cha gemu pale Mwanza anayepeleka PS4 yake kwa fundi. Aliinunua ya mtumba, na kazi yake ni moja: vijana kuchezea mpira kuanzia mchana mpaka usiku. Anaiweka mezani na kutoa hukumu kabla ya kuulizwa.

"Fundi, lensi imekufa. Diski inaingia vizuri, gemu linaanza kufunguka, halafu linafungwa."

"Inaandika nini?"

"CE-34878-0. Na saa yake imekorofisha siku nyingi, umeme ukikatika tu inapoteza tarehe. Lakini hiyo achana nayo, nashughulikia lensi."

Fundi mwenye uzoefu haanzi na lensi hapo. Anauliza kwanza kama mashine imewahi kuunganishwa na intaneti tangu inunuliwe. Jibu likiwa hapana, basi lile jambo ambalo mteja amesema liachwe ndilo linalostahili kutazamwa kwanza. Saa inayopotea na gemu linalofungwa vinaweza kuwa na chanzo kimoja, nacho ni betri ya mviringo yenye upana wa milimita 20, inayouzwa hata kwa wauza saa na rimoti za magari.

Kila mashine ya gemu yenye kalenda ina saa yake ndogo ndani, na saa hiyo hufanya kazi peke yake hata mashine yenyewe ikiwa imezimwa. Moyo wake ni kipande kidogo cha kwatzi, aina ileile ya kito inayotumika katika saa za mkononi. Kwatzi ikipitishiwa umeme kidogo hutetemeka kwa kasi isiyobadilika, na ile inayotumika katika saa hukatwa ili itetemeke mara 32,768 kila sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ukiigawa kwa mbili, ukaendelea kugawa kila jibu kwa mbili mpaka mara ya 15, unabaki na moja. Kwa hiyo saketi ndogo inayojua kugawa kwa mbili tu inatosha kutoa mpigo mmoja kila sekunde. Mipigo ikihesabiwa tunapata dakika, saa, siku na mwaka.

Kuhesabu huko kunahitaji umeme, ingawa ni kidogo mno. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama umeizima kwa rimoti, sehemu yake ndogo bado inapata umeme, na saa hula hapo. Ukichomoa waya, ukizima swichi ya soketi au umeme ukikatika mtaa mzima, ndipo betri inapoingia kazini. Ni sawa na nyumba yenye bomba na pipa la akiba: bomba likitoa maji pipa haliguswi, na hutajua kuwa pipa limetoboka mpaka siku bomba litakapokauka. Ndiyo maana PS4 yenye betri iliyokufa inaweza kuonyesha saa sahihi kwa miezi mingi katika nyumba isiyokatika umeme, kisha ikapoteza tarehe siku ya kwanza ilipohamishiwa kwingine.

Kwetu dalili hizi hujitokeza mapema kwa sababu mbili. Soketi zetu nyingi zina swichi, na watu wengi wamelelewa kuzima kila kitu ukutani kabla ya kulala. Halafu kuna ukatikaji wa umeme wenyewe. Mashine inayozimwa ukutani kila usiku inaitumia betri yake kila usiku.

Betri yenyewe ni CR2032, na jina hilo linajieleza. C inaonyesha aina ya kemikali, yaani lithiamu na oksidi ya manganizi. R inaonyesha umbo la mviringo. 20 ni upana wa milimita 20. Na 32 ni unene wa milimita 3.2. Hutoa volti 3, na akiba yake ni takriban miliampea 220 kwa saa. Tuseme saa ya mashine inatumia maikroampea 3, kiasi ambacho si cha ajabu kwa saketi za namna hii. Miliampea 220 ni maikroampea 220,000. Ukigawa kwa 3 unapata saa zipatazo 73,000, yaani zaidi kidogo ya miaka 8 ya kufanya kazi mfululizo bila msaada wa umeme wa ukutani. Betri pia huzeeka yenyewe hata isipotumika, na joto la ndani ya mashine huharakisha uzee huo. PS4 za kwanza ziliingia sokoni Novemba 2013, kwa hiyo zile ambazo bado zina betri ya kiwandani tayari zimevuka umri huo.

Betri ya aina hii inaweza kukudanganya. Haifi polepole kama betri za tochi, ambazo mwanga wake hufifia siku hadi siku. Inashikilia karibu volti 3 kwa sehemu kubwa ya maisha yake, halafu mwishoni inaporomoka. Ukiipima kwa testa, mpya husoma volti 3 na kitu, mara nyingi kati ya 3.1 na 3.3. Ikisoma chini ya 2.8, ibadilishe hata kama saa bado inatembea. Ikishuka kwenye 2 na pointi kidogo, hapo saa imeshaanza kupotea. Mfano wetu wa Mwanza tuupe kipimo cha volti 2.1: betri hiyo haina uwezo tena wa kuibeba saa usiku mmoja.

Mpaka hapa tumeeleza kwa nini saa inapotea. Lakini kwa nini gemu lililo kwenye diski, ambalo halihitaji intaneti, likatae kucheza kwa sababu ya saa?

Kisa kinaanzia kwenye vikombe, zile zawadi ndogo ambazo mchezaji hupewa kwenye skrini anapofanikisha jambo fulani kwenye gemu. Kila kikombe hupigwa muhuri wa tarehe na saa. Ili mtu asirudishe saa nyuma na kudai alishinda kabla ya wenzake, PS4 haitumii saa ile unayoiona na kuirekebisha mwenyewe. Inayo saa ya ndani zaidi ambayo mtumiaji haigusi. Unapobadilisha tarehe kwenye mipangilio, mashine huandika tu tofauti kati ya saa yako na ile ya ndani, na saa ya ndani inabaki ilivyokuwa. Anayeweza kuirekebisha ni mtandao wa PlayStation peke yake, mashine inapoungana nao.

Sasa betri imekufa, umeme umekatika, saa ya ndani imefutika. Mashine inawashwa bila intaneti. Gemu linaanza, linaita sehemu ya vikombe, sehemu hiyo inatafuta saa ya kuaminika na haiipati. Kwenye matoleo ya zamani ya programu ya PS4, hitilafu hiyo ilitosha kuliangusha gemu zima, na mchezaji akabaki na CE-34878-0. Namba hiyo ni ya jumla, ikimaanisha tu kuwa gemu limeanguka, ndiyo maana haikumwelekeza mtu kwenye betri. Diski nzuri, lensi nzima, mkono wa kuchezea mzima, na gemu halichezeki.

Jambo hili lilipojulikana kwa wengi mwaka 2021, hofu ya wachezaji na watunza kumbukumbu za michezo haikuwa betri moja moja. Waliuliza itakuwaje siku Sony itakapozima mtandao wa PS4. Betri zote zitakufa, mmoja baada ya mwingine, na hapatakuwa na mahali pa kuuliza saa. Hata ukiweka betri mpya, saa iliyokwisha kufutika ingeendelea kuwa tupu. Septemba 2021 Sony ilitoa toleo la programu namba 9.00, na waliolipima kwa kutoa betri na kukata intaneti wakakuta magemu yanacheza. Saa ikiwa haipo, kikombe kinatolewa bila kuliangusha gemu.

Kwa hiyo swali la fundi kuhusu intaneti linapata maana yake. PS4 ya mtumba iliyokaa miaka bila mtandao inaweza bado kuwa na programu ya kabla ya 9.00. Mashine ya namna hiyo inahitaji matibabu mawili. Betri mpya itazuia saa isipotee tena, lakini haitairudisha iliyokwisha potea. Programu mpya ndiyo itakayolifungua gemu.

Programu inaweza kushushwa kwa hotspoti ya simu, ila faili ni kubwa na bando litalia. Njia nyingine ni flashi. Faili hushushwa kwenye kompyuta kutoka tovuti rasmi ya PlayStation, kisha huwekwa kwenye flashi kwa mpangilio huu, kwa herufi kubwa kama zilivyo:

```
PS4/UPDATE/PS4UPDATE.PUP
```

Flashi ikichomekwa, mashine hutafuta faili hiyo kupitia menyu ya kusasisha programu. Baada ya hapo, ingia kwenye mtandao wa PlayStation hata mara moja tu ili saa ya ndani ipate wakati sahihi. Kuanzia siku hiyo betri mpya itaulinda wakati huo.

Lakini usikimbilie kufungua mashine kila unapoona saa imekosea. Makosa ya saa yana sura tofauti, na sura hiyo ndiyo inayokuonyesha chanzo.

Ikiwa saa imepishana kwa saa kamili, dakika zikiwa sahihi, na tofauti hiyo haibadiliki siku hadi siku, betri haina kosa. Hapo tatizo ni eneo la saa. Mashine iliyotoka Dubai bila kubadilishwa mipangilio itakuwa mbele ya Dar es Salaam au Nairobi kwa saa moja. Iliyotoka Uingereza itakuwa nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa zao. Iliyowekwa kwa ajili ya Lubumbashi itakuwa nyuma kwa saa moja. Chagua mji wako kwenye mipangilio na mambo yamekwisha.

Ikiwa imepishana kwa dakika chache, na tofauti inakua taratibu mwezi hadi mwezi, hiyo ni kwatzi. Kipande cha kawaida kinaweza kukosea sekunde moja au mbili kwa siku, hasa joto linapopanda na kushuka, na mwisho wa mwaka hizo zimekuwa dakika kadhaa. Mashine inayopata intaneti hujirekebisha. Isiyopata utairekebisha kwa mkono mara chache kwa mwaka.

Ikiwa inarudi kwenye tarehe ileile ya zamani kila inapokosa umeme, hiyo ndiyo betri. Saa isiyo na kumbukumbu huanza kuhesabu kutoka tarehe aliyoiweka mtengenezaji. Sega Dreamcast, kwa mfano, hurudi Novemba 27, 1998, siku ilipoanza kuuzwa Japani. Mara nyingi mashine hukuambia wazi kwamba tarehe haijawekwa, ikakutaka uiweke.

Jaribio la kuthibitisha halihitaji hata bisibisi. Weka tarehe na saa sahihi huku umezima intaneti, maana mtandao ukiwepo utairekebisha saa na kuficha ugonjwa. Zima mashine kwa menyu, uiache imechomekwa kwa saa nzima, kisha iwashe. Saa ikiwa sawa, izime tena, mara hii uchomoe waya ukutani na uiache usiku kucha. Ikiamka na tarehe ya zamani, umepata mkosaji. Usichomoe kwa sekunde chache tu na kutoa hukumu, kwa kuwa ndani ya mashine kunabaki umeme kidogo unaoweza kuibeba saa kwa muda.

Na kuna sura moja nadra: mashine nyingi kukosea siku moja. Machi 1, 2010, kwa saa za Griniwichi, PS3 za umbo la kwanza, zile nene, zilipoteza tarehe duniani kote. Nyingi zilirudi Januari 1, 2000, zikashindwa kuingia mtandaoni na kuonyesha kosa 8001050F, na taarifa za vikombe zikatoweka watu walipojaribu kufungua magemu. Sony ilieleza kwamba saa ya ndani iliuchukulia mwaka 2010 kuwa mrefu, kwa hiyo baada ya Februari 28 ikaingia Februari 29 ambayo haikuwepo. Siku moja baadaye saa hiyo ilipovuka kwenda Machi 1 yake, mashine zikapona zenyewe. PS3 nyembamba hazikuguswa. Aliyefungua yake siku hiyo kubadilisha betri alijisumbua bure.

Ukishajua kwa hakika kuwa ni betri, ugumu wa kuibadilisha unategemea mashine. Nintendo Wii ni rahisi kuliko zote: betri imo kwenye kijitreya chini ya mashine, skrubu moja na kazi imekwisha. Sega Saturn ina kifuniko nyuma. Kwenye PS4 lazima ufungue mashine mpaka kuifikia madabodi, na mahali pa betri hutofautiana toleo kwa toleo. Kama hujawahi kushika bisibisi ndogo za nyota, mpe fundi, ila mwambie wazi kwamba unataka betri ya saa ibadilishwe, na umwombe aipime ile ya zamani mbele yako.

Wanaojifungulia wenyewe wakumbuke mambo machache. Chomoa waya kwanza. Tazama upande wa chanya umeelekea wapi kabla ya kuitoa betri. Kama betri ina vibati vilivyochomelewa au nyaya mbili zenye plagi ndogo, nunua iliyokuja navyo tayari, maana kuchomelea risasi moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu huipasha joto na inaweza kupasuka. Usikubali CR2025 kwa hoja kwamba inafanana: ni nyembamba kwa karibu milimita moja, italegea na saa itakatika kila mashine ikiguswa. Usikubali pia ile ya kuchajiwa iitwayo LIR2032, ambayo volti zake ni za juu kuliko 3. Dreamcast nayo ina kanuni yake. Yenyewe ilitengenezewa betri ya kuchajiwa aina ya ML2032, na ukiweka CR2032 ya kawaida bila kubadilisha saketi, mashine itajaribu kuichaji betri isiyochajika, jambo la hatari.

Watu huuliza kama kutoa betri kutafuta magemu waliyohifadhi. Kwenye PS4 na PS3 hayo yamo kwenye hadidiski, na kwenye PS2 yamo kwenye memori kadi, na hivyo vyote havihitaji betri. Mmiliki wa Saturn ndiye wa kuogopa, kwa sababu kumbukumbu yake ya ndani hulindwa na betri ileile ya saa. Betri ikifa, magemu yaliyohifadhiwa ndani yanakwenda nayo.

Betri ya zamani usiiache mezani. Upana wa milimita 20 ndio unaokwama kwenye koo la mtoto mdogo, na hata betri iliyochoka kiasi cha kushindwa kuiendesha saa bado ina umeme wa kuunguza koo ndani ya saa 2. Ifunge kwa utepe pande zote mbili na uiweke mbali. Mtoto akidhaniwa amemeza, mpeleke hospitali papo hapo bila kusubiri dalili.

Kwa mwenye PS4 ambayo bado inafanya kazi, mpangilio wa mambo ni huu. Kabla ya kufikiria betri, fungua mipangilio utazame namba ya toleo la programu. Ikiwa ni 9.00 au zaidi, saa ikipotea utapata usumbufu wa tarehe tu, na betri unaweza kuibadilisha ukipata nafasi. Ikiwa ni chini ya hapo na mashine haijawahi kuona intaneti, sasisha leo, wakati mtandao wa kuiambia saa ya kweli bado upo.